Lindo la Saa Hasi Kumi na Tatu

Mwisho wa mwezi, karani wa mishahara katika kampuni ndogo ya ulinzi anafungua kitabu cha lindo na kukilaza kando ya kompyuta. Mlinzi wa getini ameandika kwa kalamu ya bluu: kuingia 19:00, kutoka 06:00. Karani anaandika 19:00 kwenye kisanduku A2 na 06:00 kwenye B2. Kwenye C2 anaandika fomula ambayo kila mtu angeiandika, yaani muda wa kutoka ukitolewa muda wa kuingia:

```
=B2-A2
```

Zamu za mchana zilikubali bila taabu. Aliyeingia 07:00 na kutoka 15:00 alipata saa zake nane. Lakini kwa huyu wa usiku, kisanduku kinajaa alama za reli kutoka ukingo hadi ukingo: `########`. Karani anadhani safu ni nyembamba, kwa kuwa Excel huweka reli pia pale namba isipopata nafasi ya kutosha. Anaivuta safu iwe pana. Reli zinaongezeka na kuijaza tena.

Hiyo ndiyo dalili ya kuitambua. Ukipanua safu reli zikaisha, tatizo lilikuwa nafasi. Ukipanua nazo zikazidi kuenea, hesabu yenyewe imetoa muda ulio chini ya sifuri, na Excel katika mpangilio wake wa kawaida haina namna ya kuuandika muda wa aina hiyo.

Chanzo chake kiko katika jinsi kompyuta inavyotunza saa. Kwa macho ya karani, 19:00 ni saa moja usiku. Kwa Excel ni sehemu tu ya siku. Siku nzima inahesabiwa kuwa 1, adhuhuri ni 0.5, saa kumi na mbili asubuhi ni 0.25, na saa moja usiku ni 19 gawanya kwa 24, yaani 0.7917 hivi. Saa sita usiku inapofika hesabu inarudi sifuri na kuanza upya. Kwa hiyo karani alipotoa 0.7917 kutoka 0.25 alipata -0.5417, ambayo ukiizidisha kwa 24 inakuwa saa hasi kumi na tatu. Mlinzi amekesha usiku kucha, lakini kwa mujibu wa fomula aliondoka lindoni saa kumi na tatu kabla hajafika.

Kompyuta haikukosea kutoa. Iliambiwa 19:00 na 06:00 bila kuambiwa ni za siku gani, nayo ikazichukua zote mbili kuwa za siku moja.

Jibu sahihi kwa bahati

Hapa ndipo penye mtego mbaya kuliko reli zenyewe, kwa sababu reli angalau zinajionyesha. Karani aliyechoka anaweza kuwaza hivi: kama shida ni alama ya kutoa, basi tuiondoe. Excel ina fomula ya kufanya hivyo, ABS, ambayo hugeuza namba hasi kuwa chanya:

```
=ABS(B2-A2)
```

Anaijaribu kwa zamu ambayo jibu lake analijua kwa kichwa, ile ya 18:00 hadi 06:00, zamu iliyozoeleka sana kwa walinzi. Jibu ni saa 12. Sawasawa kabisa. Anaburuta fomula hadi chini ya orodha na kuendelea na kazi nyingine.

Alichokipata ni bahati. Kilichopimwa na ABS ni pengo la mchana kati ya 06:00 na 18:00, si usiku aliokesha mlinzi. Kwa kuwa mchana huo una saa 12 na usiku nao una saa 12, kosa limejificha ndani ya jibu sahihi. Linafichuka zamu inapoacha kuwa nusu ya siku. Aliyeingia 19:00 na kutoka 06:00 amefanya saa 11, ABS inampa 13. Aliyeingia 22:00 na kutoka 06:00 amefanya saa 8, ABS inampa 16. Katika kila zamu ya usiku, ABS hutoa saa ambazo mtu alikuwa nyumbani.

Kosa hilo halina upande maalumu. Mlinzi aliyewahi kufika 17:50 na akacheleweshwa na mwenzake hadi 06:20 amefanya saa 12 na nusu, lakini ABS inamwandikia saa 11 na nusu. Kadiri alivyokaa zaidi lindoni ndivyo anavyopunguziwa.

Wapo pia wanaoingia kwenye mipangilio ya Excel na kuwasha kalenda inayoanzia mwaka 1904, iliyotokana na kompyuta za Macintosh, kwa sababu huko muda hasi unaandikika. Reli zinaondoka kweli, ila kinachobaki ni -13:00, na hilo bado si jibu. Isitoshe, tarehe zote zilizokwisha andikwa kwenye faili hilo husogea kwa siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Google Sheets nayo inaweza kuonyesha muda hasi bila reli, hivyo anayeitumia asingoje kuonywa.

Kuongeza siku iliyosahaulika

Dawa ni kuirudisha siku ambayo fomula haikuambiwa. Muda wa kutoka ukiwa mdogo kuliko wa kuingia, maana yake saa sita usiku imevukwa, basi ongeza 1 kwenye muda wa kutoka ndipo utoe:

```
=IF(B2<A2,B2+1,B2)-A2
```

Kwa mlinzi wetu, 0.25 inakuwa 1.25. Ukitoa 0.7917 unabaki na 0.4583, na hizo ni saa 11. Kwa zamu ya 07:00 hadi 15:00 sharti halitimii, hakuna kinachoongezwa, na saa nane zinabaki nane. Fomula moja inatosha kwa zamu zote, za mchana na za usiku.

Ipo njia fupi zaidi, nayo ndiyo inayopendwa na waliozoea kazi hii:

```
=MOD(B2-A2,1)
```

MOD hutoa baki la kugawanya. Ukigawanya 17 kwa 5, baki ni 2. Hapa tunagawanya kwa 1, yaani kwa siku moja nzima, na tunachotaka ni kipande kinachobaki. Siri iko katika namba hasi: katika Excel, baki la MOD hufuata alama ya kigawanyo. Kigawanyo chetu ni 1, ambayo ni chanya, kwa hiyo -0.5417 haibaki hasi. Inaongezewa siku moja na kuwa 0.4583, saa 11 zilezile.

Mtu anaweza kuiwazia saa ya ukutani. Anayetaka kujua ni muda gani umepita tangu mkono ulipokuwa mahali fulani haurudishi nyuma. Anauzungusha mbele hadi ufike ulipo sasa. MOD hufanya mzunguko huo wa mbele, iwe mkono umepita juu kabisa au haukupita.

Kabla ya kuburuta fomula hadi chini, karani aijaribu kwa zamu isiyo ya saa 12. Jaribio la 19:00 hadi 06:00 linatosha: ikitoka 11:00, fomula inavuka usiku vizuri, ikitoka 13:00, inapima mchana.

Wiki nzima yenye saa mbili

Mlinzi huyu amefanya usiku tano katika wiki, na kila usiku alikuwa na saa moja ya kupumzika ambayo mkataba wake hauilipi. Saa 11 ukiondoa 1 ni 10, mara tano ni 50. Karani anajumlisha safu kwa SUM, kisanduku kinaandika 2:00.

Hesabu ni sahihi. Mavazi yake ndiyo yasiyofaa. Kisanduku kimevalishwa umbo la saa ya ukutani, na saa ya ukutani haiwezi kusoma 50. Saa 48 zimekuwa siku mbili kamili na kutoweka machoni, zikabaki saa mbili za juu yake. Karani afungue mpangilio wa kisanduku, achague umbo analoliandika mwenyewe, kisha aandike:

```
[h]:mm
```

Mabano ya mraba yanaiambia Excel isianze upya inapofika 24. Papo hapo 2:00 inageuka 50:00.

Hata hivyo, 50:00 bado haiwezi kuzidishwa na kiwango cha malipo. Ndani yake ni 2.0833, yaani siku mbili na kipande. Ukiizidisha na shilingi 1,500 kwa saa unapata shilingi 3,125 kwa wiki nzima ya kukesha. Ili saa ziwe namba ya kawaida, zizidishe kwa 24:

```
=ROUND(MOD(B2-A2,1)*24,2)-1
```

Ile 1 ya mwisho ni saa ya mapumziko. ROUND huondoa vipande vidogo mno vinavyobaki kompyuta inapogawanya siku, ambavyo vingeweza kulifanya sharti la "zaidi ya saa 9" likubali pasipostahili. Kisanduku chenye fomula hii kivalishwe umbo la namba, si la muda. Kikiachwa na umbo la muda, 10 itasomwa kama siku kumi, na kitakachoonekana ni 0:00.

Usiku wa kisheria

Urefu wa zamu ni nusu tu ya kazi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatamka kuwa kazi ya usiku ni ile ya baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, yaani 20:00 hadi 06:00. Kila saa ya ndani ya kipindi hicho hulipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Saa za kawaida ni zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Saa ya ziada ikiangukia usiku, ile asilimia 5 hupigwa juu ya kiwango cha saa za ziada.

Kwa hiyo karani anahitaji kujua saa ngapi za zamu zimeangukia kati ya 20:00 na 06:00. Ikiwa C2 ina urefu wa zamu kwa MOD, kabla ya kuzidishwa kwa 24, basi D2 inaweza kuwa na fomula hii:

```
=MAX(0,MIN(A2+C2,30/24)-MAX(A2,20/24))
 +MAX(0,MIN(A2+C2,6/24)-A2)
```

Inatisha kwa macho kuliko ilivyo. A2+C2 ni muda wa kutoka uliokwisha kuvushwa usiku. Kwa mlinzi wetu ni "saa 30", yaani 24 na 6 juu yake. Mstari wa kwanza unauliza: zamu na kipindi cha usiku vyote vilikuwa vimeanza lini, na cha kwanza kumalizika kiliisha lini? Vyote vilikuwa vimeanza saa 20, na viliisha pamoja saa 30. Jibu ni saa 10. Mstari wa pili ni kwa ajili ya mtu aliyeanza kazi alfajiri, mathalani mwoka mikate wa 03:00, ambaye saa zake tatu za kabla ya 06:00 nazo ni za usiku. Ile MAX yenye sifuri inazuia wa mchana asipate usiku hasi.

Sasa mahesabu ya usiku mmoja yanakamilika. Saa zinazolipwa ni 10: tisa za kawaida na moja ya ziada. Saa za usiku ni 10 ukiondoa ile ya mapumziko, aliyoichukua saa sita usiku, zinabaki 9. Kwa kiwango cha mfano cha shilingi 1,500 kwa saa, saa tisa za kawaida ni shilingi 13,500, na saa ya ziada ni 2,250. Nyongeza ya usiku kwa saa nane za kawaida ni shilingi 75 mara nane, yaani 600. Kwa saa ya ziada, iliyokuwa ya mwisho kuelekea mapambazuko, ni shilingi 112.50. Jumla ni 16,462.50.

Karani aliyetumia ABS angeandika saa 13, aondoe moja ya mapumziko, abaki na 12, na saa za ziada zingekuwa tatu badala ya moja. Tofauti ni shilingi 4,500 kwa usiku mmoja kabla ya kugusa nyongeza ya usiku. Anayekagua vitabu angezitafuta hizo saa mbili kwenye daftari la getini na asizione.

Saa ya Kiswahili kwenye kisanduku

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya Excel havilitaji, kwa kuwa waandishi wake hawahesabu saa kama Waswahili. Mlinzi akiulizwa alianza lini atasema saa moja usiku, na alitoka saa kumi na mbili asubuhi. Akiandika daftarini kama anavyosema, patasomeka 1:00 na 12:00.

Ajabu ni kwamba hata ile fomula ya kwanza kabisa, ya kutoa tu, itatoa jibu sahihi: 12 kutoa 1 ni saa 11. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu usiku jua linapozama na kwenda moja kwa moja hadi macheo. Saa sita usiku kwake ni katikati ya safari, haikati kitu. Hesabu hukatika magharibi na alfajiri, pale 12 inaporudi kuwa 1.

Lakini furaha hiyo ni fupi. Aliyefanya kazi saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku amefanya saa tatu. Zikiandikwa 11:00 na 2:00, MOD inatoa 15. Aliyeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi ataonekana 12:00 na 12:00, jibu sifuri. Nyongeza ya usiku ndiyo inayoharibika zaidi, kwa sababu Excel inasoma 1:00 hadi 12:00 kuwa zamu ya kuanzia saa saba usiku hadi adhuhuri, na kuhesabu saa tano za usiku badala ya kumi. Mbaya kuliko yote ni daftari lenye mchanganyiko, kuingia 1:00 kwa saa ya mdomo na kutoka 06:00 kwa saa ya simu. Hapo zamu ya saa 11 inabaki saa 5, na hakuna reli hata moja ya kumshtua karani.

Suluhisho linaanzia getini. Safu mbili za daftari ziandikwe juu yake "saa ya simu, 00:00 hadi 23:59", na mlinzi anakili kile anachokiona kwenye kioo cha simu yake. Nukta mbili nazo zina maana: 19.00 yenye nukta moja huchukuliwa na Excel kuwa namba kumi na tisa, si muda, nayo kwa kipimo chake ni siku kumi na tisa.

Ambaye hakupokelewa

MOD ina mpaka wake, na mpaka huo unamwangukia mtu aliyechoka kuliko wote. Mlinzi ameingia Ijumaa 18:00. Asubuhi mwenzake hakutokea. Akakaa hadi Jumamosi 18:00 ndipo akapokelewa. Daftari linasema 18:00 na 18:00, fomula inatoa 0:00. Kama angekaa hadi Jumapili 06:00, fomula ingeandika saa 12 wakati amekaa 36. MOD hutupa kila siku nzima na kubakiza kipande, iwe siku hiyo ilifanyiwa kazi au la.

Hakuna ujanja wa fomula wa kuziokoa saa hizo, kwa kuwa taarifa yenyewe haimo kwenye vile visanduku viwili. Inabidi tarehe iandikwe pamoja na saa katika kisanduku kimoja: 14/03/2025 18:00, kisha 15/03/2025 18:00. Kwa Excel, tarehe 14 Machi 2025 ni siku ya 45,730 katika hesabu inayoanza 1 Januari 1900, hivyo kuingia ni 45730.75 na kutoka ni 45731.75. Kutoa kwa kawaida kunatosha, bila IF wala MOD, na jibu ni 1, yaani saa 24. Lindo la kawaida la kuanzia tarehe 14 saa 19:00 hadi tarehe 15 saa 06:00 nalo linatoka saa 11 kwa kutoa kulekule kulikoleta reli mwanzoni.

Sheria inaweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku, kwa hiyo lindo la saa 24 halikupaswa kuwepo. Lakini lilikuwepo, na sharti dogo pembeni ya safu linaweza kulileta mezani kabla mishahara haijatoka:

```
=IF((B2-A2)*24>12.5,"KAGUA","")
```

Ile nusu saa ya juu ya 12 ni ya kukabidhiana lindo. Karani anapoona neno KAGUA anarudi kwenye daftari la getini, anatafuta Ijumaa ile, na kuangalia jina la ambaye asubuhi hakuja.